Ile 4 ya "4 + 2" si kikinzani cha 4 Ω

"Shikamoo Mwalimu. Kwenye ukurasa wangu wa fizikia kuna saketi yenye betri ya volti 18 na vikinzani vinne: kwanza 2 Ω, kisha njia inagawanyika, upande mmoja 6 Ω, upande wa pili 8 Ω na 4 Ω. Hesabu imebanwa pembeni mwa mchoro kwa mstari mmoja tu: 8 + 4 = 12; 1/6 + 1/12 = 1/4; 4 + 2 = 6 Ω. Naona wamejumlisha kikinzani cha 4 na cha 2, wakaisahau ile robo. Mimi nikiiweka napata 0.25 + 2 = 2.25 Ω, na mkondo wa ampia 8. Je, ukurasa umekosea? Na siku nyingine nitahakiki vipi bila mtu wa kumuuliza?"

Marahaba. Ukurasa uko sahihi: ukinzani wa jumla ni 6 Ω, na mkondo unaotoka kwenye betri ni ampia 3. Hata hivyo hukukosea kuhisi kwamba kuna kitu kimerukwa, kwa sababu kweli kimerukwa. Kati ya "1/4" na "4 + 2" ilipaswa kuwepo hatua nzima inayosema kwamba ikiwa 1/R ni 1/4, basi R ni 4 Ω. Aliyeandika hakuwa na nafasi, akaigeuza ile robo kichwani mwake na kuandika matokeo tu. Hivyo 4 inayoonekana katika "4 + 2" ni ile robo yenyewe iliyokwisha kupinduliwa. Kikinzani cha 4 Ω kilichochorwa kwenye saketi kilishatumika mapema, ndani ya "8 + 4 = 12", na hakionekani tena baada ya hapo.

Ni bahati mbaya tu kwamba namba hizo mbili zimefanana. Tena saketi hii ina mtego wa pili wa aina hiyohiyo, kwa kuwa jibu la mwisho, 6 Ω, linafanana na kikinzani cha 6 Ω kilichomo kwenye tawi la kwanza. Njia nzuri ya kujihakikishia kwamba mfanano ni wa bahati ni kubadilisha namba moja ya mchoro na kurudia hesabu. Chukua kikinzani cha 4 Ω, ukitoe, uweke cha 22 Ω mahali pake. Tawi la pili sasa ni 8 + 22, yaani 30 Ω. Tafuta 1/6 + 1/30: hiyo ni 5/30 na 1/30, jumla 6/30, sawa na 1/5. Ukiipindua unapata 5 Ω, na mstari wa mwisho unakuwa 5 + 2 = 7 Ω. Kama ukurasa ungekuwa unajumlisha kikinzani kile na cha 2 Ω, mstari wa mwisho ungekuwa 22 + 2. Haikuwa hivyo, na shaka imekwisha.

Sasa nieleze kwa nini ile robo haiwezi kujumlishwa na 2, maana ukilielewa hili hutalazimika kukariri amri ya "pindua". Vikinzani viwili vikiwa sambamba, ncha zao zimeunganishwa kwenye pointi zilezile mbili, kwa hiyo kila kimoja kinapata volti zilezile. Kinachogawanyika ni mkondo. Ukizidisha volti hizo kwa 1/6 unapata mkondo unaopita kwenye 6 Ω, na ukizizidisha kwa 1/12 unapata mkondo unaopita kwenye tawi la 12 Ω. Kwa hiyo 1/6 na 1/12 si vipimo vya ugumu wa njia. Ni vipimo vya urahisi wake, yaani ni ampia ngapi zinapita kwa kila volti moja, na tunavijumlisha kwa sababu njia mbili zilizo wazi kwa pamoja hupitisha mkondo mwingi kuliko njia moja. Robo uliyoipata inasema kwamba sehemu ile ya sambamba, kwa ujumla wake, hupitisha robo ya ampia kwa kila volti. Kikinzani cha 2 Ω kinasema jambo la upande mwingine kabisa: kinahitaji volti mbili kwa kila ampia. Ulipoandika 0.25 + 2 ulijumlisha ampia kwa volti na volti kwa ampia, ni sawa na mtu anayejumlisha kilomita kwa saa na saa kwa kilomita. Lazima kwanza useme sehemu ile inahitaji volti ngapi kwa kila ampia, na jibu ni nne.

Kama sehemu zinakusumbua, ipo njia ya kuzikwepa ambayo mimi huipenda sana kwa uhakiki, kwa sababu inaonyesha mkondo wenyewe ukigawanyika. Jifanye umeweka volti za kubuni kwenye ncha mbili za sehemu ya sambamba, na uchague namba inayogawanyika kwa matawi yote bila baki. Hapa 12 inafaa. Volti 12 kwenye 6 Ω hutoa ampia 2, na volti 12 kwenye tawi la 12 Ω hutoa ampia 1. Jumla ni ampia 3. Kitu kinachopitisha ampia 3 kinapopewa volti 12 kina ukinzani wa 12 ÷ 3, yaani 4 Ω. Hakuna mahali ulipopindua sehemu, kwa hiyo hakuna mahali ulipoweza kusahau kuipindua. Ungechagua volti 24 za kubuni ungepata ampia 4 na ampia 2, na bado 24 ÷ 6 ni 4 Ω.

Turudi kwenye 2.25 Ω yako. Jibu lile lingeweza kukataliwa kabla hata hujachukua kalamu. Vikinzani viwili vilivyo sambamba daima huwa na ukinzani mdogo kuliko kile kidogo kati yao, kwa kuwa kuongeza njia ya pili hakuwezi kuzuia njia ya kwanza. Pia ukinzani huo hauwezi kushuka chini ya nusu ya kile kidogo, kwa kuwa nusu hupatikana tu pale tawi la pili linapolingana nacho. Hapa kidogo ni 6 Ω, basi jibu la sehemu ya sambamba lazima liwe kati ya 3 na 6. Robo ya omu iko mbali kabisa na mipaka hiyo. Ongeza 2 Ω iliyo kwenye mfululizo, na jumla yote lazima iwe kati ya 5 na 8. Jibu la 2.25 linabaki nje, na 6 limo ndani.

Napendekeza uiandike mipaka hii juu ya mchoro kabla ya hesabu yoyote, hata kwa kalamu ya risasi tu: "kati ya 5 na 8". Itakugharimu muda mfupi sana, na itakamata karibu kila kosa la kusahau kupindua. Itakamata pia kosa la watu wanaotumia njia ya mkato ya kuzidisha kisha kugawanya kwa jumla. Njia hiyo ni sahihi kwa vikinzani viwili, maana 6 × 12 ÷ 18 ni 4. Ila mtu akiipeleka kwenye vikinzani vitatu kwa mkupuo, tuseme 6, 12 na 4 vyote vikiwa sambamba, atapata 288 ÷ 22, yaani zaidi ya 13 Ω, ilhali jibu lazima liwe chini ya 4. Jibu halisi ni 2 Ω.

Lakini usiitegemee mipaka peke yake. Kuna makosa yanayopita katikati yake bila kuonekana. Tuseme mwanafunzi, kwa sababu maandishi yamebanana na kikinzani cha 4 Ω kimefichwa na namba za hesabu, anakisahau kabisa na kuchukua tawi la pili kuwa 8 Ω tu. Atapata 6 × 8 ÷ 14, yaani 3.43 Ω, na jumla 5.43 Ω. Jibu hilo liko kati ya 5 na 8 na linaonekana la heshima kabisa. Hapa ndipo unapohitaji uhakiki wa kurudi nyuma, ambao ndio ninaouamini kuliko mwingine wowote.

Uhakiki huo unakwenda hivi. Chukua jibu lako la jumla, utafute mkondo wa betri, kisha utembee na mkondo huo ndani ya mchoro, kikinzani kimoja baada ya kingine, ukiangalia namba zilizochorwa badala ya zile zilizoandikwa pembeni. Kwa jibu la ukurasa, volti 18 kwa 6 Ω ni ampia 3. Ampia 3 zikipita kwenye 2 Ω hutumia volti 6. Zinabaki volti 12 kwa sehemu ya sambamba. Kwenye 6 Ω, volti 12 hutoa ampia 2. Kwenye tawi la pili mkondo unakutana na 8 Ω kisha 4 Ω, hivyo volti 12 hutoa ampia 1. Mbili na moja ni tatu, sawasawa na zilizoingia. Malizia kwa tawi lile refu: ampia 1 kwenye 8 Ω hutumia volti 8, na kwenye 4 Ω hutumia volti 4, jumla 12, hakuna volti iliyopotea.

Fanya vivyo hivyo na jibu lako. Ampia 8 kwenye 2 Ω zingetumia volti 16, zibaki volti 2 tu. Volti 2 kwenye 6 Ω hutoa theluthi ya ampia, na kwenye 12 Ω hutoa moja ya sita. Jumla yake ni nusu ampia. Yaani ampia 8 zinafika njia panda na nusu ampia tu ndiyo inayoondoka, jambo lisilowezekana, kwa sababu mkondo hauna mahali pa kujificha. Sasa jaribu lile jibu la 5.43 Ω lililopita kwenye mipaka. Mkondo wake ni ampia 3.32, kikinzani cha 2 Ω kinachukua volti 6.63, zinabaki 11.37. Ukigawanya kwa 6 unapata ampia 1.89, na kwa 8 + 4 unapata 0.95, jumla 2.84. Zimeingia 3.32, zimetoka 2.84. Kosa limejitokeza lenyewe, na limejitokeza kwa sababu safari hii tulikisoma kikinzani cha 4 Ω moja kwa moja kutoka kwenye mchoro.

Kuna tahadhari moja hapa, na wengi huikosa. Volti za sehemu ya sambamba zipate kwa kutoa: 18 toa zilizotumiwa na 2 Ω. Usizipate kwa kuzidisha mkondo kwa ukinzani wa sambamba uliokwisha kuukokotoa, maana ukifanya hivyo volti zako zitajumlika hadi 18 hata kama ukinzani ule ni wa makosa. Kwa jibu lako, ampia 8 mara 0.25 ni volti 2, na 16 na 2 ni 18, kwa hiyo ungeridhika bure. Uamuzi uko kwenye mikondo ya njia panda, na lazima uitafute kwa kila tawi peke yake.

Uhakiki huu nao una kikomo. Unakamata makosa ya hesabu na vikinzani vilivyosahaulika, ila hauwezi kujua kama umesoma mchoro visivyo tangu mwanzo. Kwenye kurasa zilizobanwa, mchoraji mara nyingi hukunja tawi refu kwenye kona ili lienee, na 4 Ω inaangukia upande wa chini, karibu na waya unaorudi kwenye betri. Macho yanaona kama imesimama kwenye njia kuu pamoja na 2 Ω. Ukiamini hivyo, utachukua 6 na 8 kuwa sambamba, upate 3.43, kisha uongeze 4 na 2, jibu 9.43 Ω. Na ukirudi nyuma ukiwa bado na imani hiyo, kila kitu kitajumlika vizuri, kwa sababu utakuwa umehakiki saketi nyingine kabisa.

Dawa yake ni kuyaacha maumbo na kufuata miunganiko. Funika hesabu ya pembeni kwa kipande cha karatasi, ubaki na mchoro peke yake. Anzia kwenye ncha chanya ya betri na uipe herufi A. Fuata waya kwa ncha ya kalamu, na waya wote unaoupitia bila kuvuka kikinzani unabaki na herufi hiyohiyo, hata ukikata kona mara ngapi. Ukivuka kikinzani, badilisha herufi. Kwenye saketi yako utapata kwamba 2 Ω iko kati ya A na B, 6 Ω iko kati ya B na D, 8 Ω iko kati ya B na C, na 4 Ω iko kati ya C na D. D ndiyo ncha hasi ya betri. Sasa mchoro hauhitajiki tena. Herufi C imegusa vikinzani viwili tu, cha 8 na cha 4, na hakuna waya mwingine unaotokea hapo, kwa hiyo viwili hivyo viko kwenye mfululizo. Ukishaviunganisha kuwa 12 Ω kati ya B na D, utaona kwamba 6 Ω nayo iko kati ya B na D, na hiyo ndiyo maana ya sambamba: herufi mbili zilezile pande zote mbili. Kikinzani cha 4 Ω hakiwezi kuwa kwenye mfululizo na cha 2 Ω, kwa kuwa mkondo wote wa cha 2 Ω hufika B na kugawanyika hapo, na sehemu yake hupita kwenye 6 Ω moja kwa moja hadi D bila kugusa C.

Ukiwa na herufi hizo, uandike upya ule mstari uliobanwa, kwenye karatasi yenye nafasi, kila hatua na mstari wake na kila namba na jina lake:

```
R(B-C-D) = 8 + 4 = 12 Ω
1/R(B-D) = 1/6 + 1/12 = 3/12 = 1/4
R(B-D)   = 4 Ω
R(A-D)   = 2 + 4 = 6 Ω
I        = 18 / 6 = 3 A
```

Mstari wa tatu ndio ule uliokuwa haupo. Angalia pia kwamba upande wa kushoto wa mstari wa pili umeandikwa 1/R, na haukuandikwa R. Wanaobana kazi huangusha kwanza upande huu wa kushoto, kisha wanaunganisha vilivyobaki kwa alama ya sawasawa, hadi unakuta mtu ameandika "1/6 + 1/12 = 1/4 = 4 Ω". Jibu ni sahihi na sentensi ni ya uongo, na anayeisoma siku ya pili, hata kama ndiye aliyeiandika, hana namna ya kujua kama kupindua kumefanyika au bado.

Ikiwa ungependa kuona jambo hili kwa mikono, usiijenge saketi hii kwa namba zake. Ampia 3 kwenye 2 Ω ni wati 18 za joto, na vikinzani vidogo vya kawaida vya robo wati vitaungua mara moja. Zidisha kila ukinzani kwa 1,000, maana uwiano haubadiliki. Vikinzani 20 vya 1 kΩ vinatosha: viwili kwa mfululizo badala ya 2 Ω, sita badala ya 6 Ω, vinane badala ya 8 Ω na vinne badala ya 4 Ω. Pima kwa maltimita kati ya A na D bila betri yoyote kuunganishwa, kwa sababu kipimo cha omu hutumia betri yake ya ndani na hudanganyika kikikuta umeme mwingine. Ikiwa vikinzani vyako vina mstari wa dhahabu, yaani tofauti ya asilimia 5, usomaji uwe kati ya 5.7 na 6.3 kΩ. Kisha chomoa ncha moja ya tawi refu na upime tena: utaona karibu kΩ 8, ule mpaka wa juu tulioutaja.

Ipo hali moja ambayo nakuomba usihangaike nayo peke yako. Ukishaweka herufi ukakuta hakuna herufi inayogusa vikinzani viwili tu bila waya mwingine kutokea hapo, hata ule wa betri, na hakuna vikinzani viwili vyenye herufi zilezile pande zote, basi kosa si lako. Hiyo ni saketi ya daraja, ambapo kikinzani cha tano kimeunganisha katikati ya matawi mawili. Kanuni za mfululizo na sambamba, jinsi zilivyo, haziwezi kuipunguza hata hatua moja, isipokuwa daraja likiwa limesawazika, pale ambapo kikinzani cha katikati hakipitishi mkondo wowote na unaweza kukiondoa. Hapo mpelekee mwalimu wako ukurasa wenyewe pamoja na orodha yako ya herufi, umwombe akuonyeshe kanuni za Kirchhoff kwenye mchoro huohuo, mkiwa mmekaa pamoja. Orodha ile itamwonyesha papo hapo kama tatizo liko kwenye saketi au kwenye usomaji wako wa waya mmoja.